Siku Sita kati ya Mizani na Malipo

Gunia la kwanza la viazi tulilolipima lilikuwa la jirani yangu, mama mjane mwenye shamba la ekari moja na nusu ukingoni mwa bonde. Lilikuwa tayari limeshonwa na kukubaliwa na dalali kama gunia moja, kwa bei ya gunia moja, yaani shilingi 60,000. Sisi watatu tulilipandisha juu ya mizani ya jukwaa tuliyoiazima, mizani yenye stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, na mshale ukasimama kwenye kilo 138. Kanuni za vipimo nchini Tanzania zinataka mazao ya shambani yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, lakini huku kwetu katika nyanda za juu za Njombe viazi mviringo vimeuzwa miaka mingi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka mdomoni kisha likaongezewa kichwa kilichosukwa kwa kamba. Yule mama aliyaangalia maandishi ya mizani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba kila gunia alilouza tangu mumewe afariki lilikuwa gunia moja na zaidi ya theluthi ya jingine. Nilimjibu kwamba sikuweza kuyasemea magunia yaliyokwisha kwenda, ila lile lililokuwa mbele yetu ndivyo lilivyokuwa.

Kutokana na gunia hilo tukaanzisha umoja wetu wa wakulima 27. Nimekuwa katibu wake tangu siku ya kwanza, na ninaandika makala hii kwa sababu nimekwisha kutembelewa na vikundi kadhaa vinavyotaka kufuata njia hiyo, na karibu vyote huuliza maswali yaleyale: namna ya kusajili, namna ya kupata soko, namna ya kupata gari. Ni maswali ya haki, na nitayajibu kwa kadiri ninavyoyajua. Hata hivyo umoja wetu haukukaribia kuvunjika kwa sababu ya usajili, wala soko, wala gari. Ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya siku sita, ambazo ni siku zilizopo kati ya mkulima kuweka viazi vyake juu ya mizani yetu na mkulima huyo kupokea fedha mkononi.

Nianze na hilo la mizani, kwa kuwa wengi hudhani kwamba kupima kwa kilo peke yake kunaongeza kipato. Sisi pia tulidhani hivyo. Tulipomwambia dalali kwamba kuanzia sasa tunauza gunia la kilo 100 tu, hakubisha wala hakukasirika, bali alitaja bei mpya papo hapo: shilingi 45,000. Ukigawanya 60,000 kwa kilo 138 unapata shilingi 435 kwa kilo, na ukigawanya 45,000 kwa kilo 100 unapata 450. Alikuwa ametuongezea shilingi 15. Dalali alikuwa akinunua kwa kilo siku zote, kichwani mwake, na ni sisi tu tuliokuwa tukiuza kwa gunia. Kwa hiyo mizani haikutupa fedha nyingi, lakini ilitupa kitu ambacho hesabu zote zilizofuata zisingewezekana bila hicho, nacho ni kipimo kimoja kati ya shamba, gari na soko. Mkulima mmoja mmoja hawezi kumlazimisha dalali akubali mizani, kwa kuwa dalali ataenda kwa jirani. Wakulima 27 wenye viazi vilivyokomaa wiki moja wanaweza.

Mzigo wetu wa kwanza kwenda Dar es Salaam ulikuwa tani 10, kutoka kwa wanachama 14 waliokuwa na viazi tayari. Nitaueleza kwa tarakimu zilizokadiriwa kidogo ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu. Tulikodi Fuso lililokuwa limeleta bidhaa za madukani Njombe na lilikuwa lirudi tupu, na hilo ndilo lililotuwezesha kulipata kwa shilingi 1,200,000. Gari linalotoka Dar kuja kutuchukua sisi tu lingedai zaidi. Magunia mapya 100 yalitugharimu 100,000, kufungasha, kushona na kupakia 150,000, kushusha sokoni 100,000, ushuru wa njiani na wa soko 150,000, ujira wa dalali wa sokoni 300,000, na nauli pamoja na chakula cha wanachama wawili waliosindikiza mzigo 140,000. Jumla ikawa 2,140,000.

Mwanachama anayesikia jumla hiyo kwa mara ya kwanza hushtuka, na ni vema ashtuke mapema, kabla gari halijaondoka. Safari ni ya takriban kilomita 700 kupitia Makambako, Mafinga, Iringa na Morogoro, na gari linapita kwenye mizani za barabarani kama ile ya Makambako na ile ya Vigwaza, ambako uzito uliozidi hugeuka faini. Hapo palikuwa na faida ambayo hatukuitarajia: kwa kuwa kila gunia letu lilikuwa la kilo 100 kamili, dereva alijua uzito wa mzigo wake kabla ya kuondoka kijijini. Magari ya lumbesa hukisia. Msimu wa pili dereva yuleyule alitupunguzia bei kidogo bila kuombwa, akisema kwamba mzigo wetu haumnyimi usingizi.

Sokoni viazi viliuzwa kwa siku tatu. Kati ya kilo 10,000 zilizopakiwa, kilo 360 zilipotea kwa kukauka na kuoza. Kilo 8,200 za ukubwa unaopendwa na wakaanga chipsi ziliuzwa kwa wastani wa shilingi 850, na kilo 1,440 za vidogo ziliuzwa kwa shilingi 500. Mapato yakawa 7,690,000. Tukiondoa gharama zilibaki 5,550,000, na umoja ulikata asilimia 5 kwa ajili ya mfuko wake, yaani 277,500. Zilizobaki zilipogawanywa kwa kilo 10,000 zilizopokelewa ghalani, kila kilo ilimpa mkulima shilingi 527. Yule mama jirani yangu alikuwa ameleta kilo 800, akapokea 421,800. Kwa dalali, kwa ile bei ya lumbesa, angepokea 348,000. Tofauti ya shilingi 73,800 ilikuwa kubwa kwake kuliko maneno yote tuliyowahi kuyasema mikutanoni.

Naomba msomaji asimame kidogo kwenye neno moja katika hesabu hiyo: kilo zilizopokelewa ghalani. Tuligawa kwa kilo zilizopokelewa, si kwa kilo zilizouzwa, kwa sababu hasara ya kuoza ilikuwa ya wote. Uamuzi huo ulizua ubishi mkali, maana mkulima aliyeleta viazi vikavu, vyenye ngozi ngumu, hakuona kwa nini alipie uzembe wa aliyechimba siku ya mvua. Alikuwa na haki. Mzigo uliofuata tuliweka namba ya mwanachama kwa wino usiofutika kwenye kila gunia, na tukaweka masharti ya kupokea: majani ya viazi yakatwe wiki mbili kabla ya kuchimba ili ngozi ikomae, na anayepokea asugue kiazi kwa kidole gumba, ngozi ikitoka, gunia linarudi nyumbani. Viazi visioshwe. Vilivyokatwa na jembe au vilivyogeuka kijani kwa jua vitolewe. Kiazi chenye unyevu kwenye macho hukatwa katikati, na kikitoa utelezi mweupe kama maziwa kwenye duara la ndani, hiyo ni dalili ya mnyauko wa bakteria, na mzigo wote wa shamba hilo haupandi gari, kwa sababu gunia moja la namna hiyo linachuruzika na kuozesha yaliyo chini yake kabla ya kufika Morogoro. Kwa kuoza kulikobaki baada ya masharti hayo tuliendelea kugawana hasara, na ubishi ukaisha.

Sasa nizitazame zile siku sita. Gari liliondoka usiku wa Jumatatu. Liliingia sokoni alfajiri ya Jumatano. Viazi viliuzwa Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na wasindikizaji walirudi na hesabu Jumamosi, nasi tukalipa Jumapili baada ya ibada. Katika siku hizo zote wanachama 14 walikuwa wamebaki na karatasi tu. Dalali wa shambani, ambaye tunapenda kumlaumu, hulipa fedha taslimu ukingoni mwa shamba, wakati udongo bado uko mikononi. Hiyo ni huduma, na ina bei yake. Kikundi kisichokubali kwamba dalali anatoa huduma ya kweli hakiwezi kushindana naye, kwa sababu hakijui kinashindana na nini.

Mzigo wa kwanza uliwavumilisha watu kwa sababu ulikuwa mpya na kila mmoja alitaka kuona mwisho wake. Mzigo wa pili uliangukia mwanzoni mwa Julai, shule zikikaribia kufunguliwa. Wanachama walikuwa wameahidi tani 10 na sisi tulikuwa tumekwisha kulipa malipo ya kushika gari. Siku ya kupakia zilifika kilo 5,600. Wanachama sita walikuwa wameuza pembeni, jioni iliyotangulia, kwa dalali aliyepita nyumba kwa nyumba na mfuko wa fedha. Bei za sokoni hazikubadilika sana kulinganisha na mzigo wa kwanza, lakini gari lilibaki 1,200,000 vilevile, na gharama ambayo ilikuwa shilingi 120 kwa kilo ikawa 214. Nauli ya wasindikizaji nayo iligawanywa kwa kilo chache. Baada ya makato, waliobaki waaminifu walipata shilingi 427 kwa kilo. Walikuwa wamesubiri siku sita ili wapate shilingi 8 pungufu ya ile bei ya dalali ya lumbesa.

Nilipoisoma hesabu hiyo mkutanoni hakuna aliyezungumza kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeiandika mara tatu, nikitumaini kwamba nimekosea. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wale sita hawakuwa wamechukua viazi vyao tu. Kila kilo waliyoiondoa kwenye gari iliacha nafasi yake, na nauli ya nafasi hiyo wakaitwisha magunia ya majirani zao. Mtu anayeuza pembeni kwa kawaida hajui hilo. Anaamini kwamba ameuza mali yake mwenyewe na hajamwibia mtu. Ndiyo maana ninavishauri vikundi visome hesabu ya gari lisilojaa mbele ya wanachama wote kabla ya msimu, kwa tarakimu, wakati hakuna mtu anayetuhumiwa.

Katika mkutano huo mzee mmoja alisimama. Alisema kwamba alipokuwa kijana baba yake alipeleka pareto kwenye chama na kurudi na karatasi, na karatasi hiyo ilikaa ndani ya sanduku mpaka baba yake akafa. Kwa wasomaji wasio wa umri huo, inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi zao zikachukuliwa na mamlaka za mazao na vijiji, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wazazi wetu waliishi katika misukosuko hiyo, na nchi hii ilikuwa imejua ushirika wa wakulima wenye nguvu muda mrefu kabla ya hapo; KNCU ya wakulima wa kahawa Kilimanjaro iliandikishwa mwaka 1933. Mzee alimalizia kwa kusema, "Katibu, mimi siwaogopi nyinyi. Ninaiogopa karatasi." Nadhani hakuna aliyewahi kulieleza tatizo letu vizuri kuliko yeye.

Baadhi ya wanachama walitaka faini kwa wale sita, shilingi 20,000 kwa kila gunia lililouzwa pembeni. Nilipinga, na nilipinga kwa nguvu. Tulipowauliza mmoja mmoja, wanne kati ya sita walikuwa na mtoto wa kupeleka bweni wiki hiyohiyo, na mmoja alikuwa na mgonjwa. Faini ingewatoza wale ambao siku sita zilikuwa ndefu kwao kuliko kwa wengine, na wangejibu kwa kuondoka. Tulihitaji kuzifupisha zile siku, si kumwadhibu aliyeshindwa kuzisubiri.

Njia tuliyoichagua ni malipo ya awali. Jambo lenyewe ni la kawaida katika ushirika wa mazao, lakini kiasi chake ndicho kinachoamua uhai wa chama, na hapo ndipo nimeona vikundi vingi vikijiangamiza kwa nia njema. Kishawishi ni kumlipa mwanachama bei yote ya dalali palepale ghalani ili asiwe na sababu ya kwenda kwingine. Ukifanya hivyo umekwisha kununua viazi, na bei ikianguka sokoni, au gari likiharibika kwenye mlima wa Kitonga na mzigo ukalala siku mbili juani, hasara ni ya mfuko wa chama, na mwanachama aliyekwisha kula fedha hawezi kurudisha. Chama cha namna hiyo kimegeuka dalali, ila ni dalali asiye na mtaji wala uzoefu.

Tulipanga kiasi kwa kuanzia kwenye siku mbaya. Tuliwauliza wenzetu waliozoea soko hilo ni bei gani ya chini waliyowahi kuiona, tukakubaliana kukisia wastani wa shilingi 570 kwa kilo, vikubwa na vidogo pamoja, na tukakisia kwamba sehemu moja ya tano ya mzigo inaoza. Kilo 8,000 kwa shilingi 570 ni 4,560,000. Ukitoa gharama 2,140,000 zinabaki 2,420,000, yaani shilingi 242 kwa kila kilo iliyopakiwa. Kwa hiyo tukaweka malipo ya awali kuwa shilingi 240. Hata mzigo ukienda vibaya kiasi hicho, fedha iliyotolewa ghalani inarudi, na hakuna mwanachama anayedaiwa. Kwa mwenye kilo 800 hiyo ni 192,000 siku ya kupakia. Haitoshi kila kitu, lakini inatosha kumpeleka mtoto shuleni na salio likafuata.

Fedha za kulipa awali tulizipata wapi? Kila mwanachama alikuwa amenunua hisa ya shilingi 50,000, jumla 1,350,000. Makato ya mizigo miwili yaliongeza takriban 400,000. Tulikuwa na karibu 1,750,000, wakati tani 10 kwa shilingi 240 zinahitaji 2,400,000. Tulifikiria kukopa, kisha tukagundua kwamba si wote wenye haraka. Tulitangaza kwamba mwanachama anayekubali kusubiri malipo yake yote mpaka gari lirudi ataongezewa shilingi 10 kwa kilo kutoka kwenye makato ya umoja. Katika mzigo wa tatu, wenye kilo 3,500 walichagua kusubiri, na kilo 6,500 zilizobaki zilihitaji 1,560,000, ambazo tulikuwa nazo. Ile nyongeza ilitugharimu shilingi 35,000 tu. Wenye uwezo waliwakopesha wenye shida bila mtu kumwomba mtu, na bila mtu kujua nani alikuwa na shida, kwa kuwa karatasi ya kuchagua ilijazwa kwa katibu peke yake.

Tulibadilisha pia utaratibu wa gari. Kila mwanachama huandikisha kilo zake siku mbili kabla, na gari halishikwi mpaka ziandikishwe angalau tani 9. Zikiwa pungufu tunasubiri au tunatafuta gari dogo. Katika mzigo wa tatu, kati ya kilo 10,000 zilizoandikishwa, zilifika kilo 9,850. Sitadai kwamba kuuza pembeni kumekwisha kabisa, maana kila msimu yuko mmoja au wawili, lakini halijatokea tena gari kuondoka nusu.

Kuhusu hesabu nitasema kidogo, kwa kuwa kila mwongozo unalisisitiza. Stakabadhi hutolewa nakala mbili, mwanachama na umoja. Wasindikizaji huwa wawili na hawatoki katika ukoo mmoja. Dalali wa sokoni huandika mauzo ya kila siku kwenye karatasi, na wasindikizaji hupiga picha karatasi hiyo na kuituma kwangu jioni ileile, kabla bei haijapata muda wa kubadilika kumbukumbuni. Wakati mmoja hesabu ya magunia yaliyoshushwa ilipungua matatu kulinganisha na yaliyopakiwa, na kwa sababu kila gunia lilikuwa na namba, tulijua ni namba zipi zilizokosekana na tukajua kwamba zote zilikuwa zimepangwa juu, karibu na turubai. Tangu hapo mmoja wa wasindikizaji husafiri ndani ya gari la mzigo, si kwa basi.

Usajili tuliuchelewesha makusudi. Tulianza kama kikundi kilichoandikishwa halmashauri, chenye katiba fupi na akaunti ya benki, na tukafanya biashara misimu miwili katika hali hiyo. Baadaye ndipo tukaanza safari ya kuwa chama cha msingi cha ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013: mkutano wa uanzishaji, kamati ya waanzilishi, andiko linaloonyesha kwamba biashara italipa, masharti ya chama, na maombi kwa Mrajis kupitia kwa afisa ushirika wa wilaya. Nafurahi kwamba tulifuata mpangilio huo. Andiko letu lilijaa tarakimu za mizigo halisi, pamoja na ule mbaya wa Julai, na masharti yetu yaliandikwa na watu waliokwisha kugombana juu ya kila kifungu. Vikundi vinavyosajiliwa kwanza mara nyingi hunakili masharti ya chama kingine, kisha siku ya ugomvi wa kwanza vinakuta masharti hayo hayasemi lolote juu yake. Baada ya usajili huja wajibu ambao lazima uhesabiwe kama gharama: mkutano mkuu wa kila mwaka, taarifa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na ukaguzi wa hesabu. Chama kinachosafirisha magari mawili kwa mwaka kinaweza kuona wajibu huo mzito kuliko faida yake, na kwa chama cha namna hiyo kikundi kinatosha.

Kuna mambo ambayo umoja huu haujayaweza. Mashamba yote ya nyanda za juu yanapotoa viazi kwa pamoja bei huanguka, na tani zetu 10 hazionekani katika soko linalopokea magari mengi kila alfajiri. Wala hatukumweza mkulima mkubwa kuliko wote kijijini. Alikuwa mwanachama mwanzoni, akileta peke yake karibu robo ya mzigo, na alitaka sauti yake ilingane na magunia yake. Ushirika ni mtu mmoja kura moja, na kanuni hiyo ndiyo iliyomfanya yule mama mjane athubutu kusimama na kuuliza kuhusu nauli ya wasindikizaji. Mkulima yule aliondoka kwa amani, akapeleka mzigo wake mwenyewe. Tulilazimika kutafuta wanachama wapya watano kujaza nafasi yake kwenye gari, na bado ninaona kwamba tungefanya jitihada zaidi kumbakiza, kwa mfano kwa kumpa punguzo la makato mwenye kilo nyingi, jambo ambalo halivunji usawa wa kura.

Mwishoni mwa msimu wa pili lilitokea jambo ambalo hatukulipanga. Yule dalali wa shilingi 45,000 alikuja ghalani mwenyewe. Alisalimia wazee, "Kamwene," akakaa kwenye benchi, akauliza kama tungemuuzia mzigo wote hapohapo, kwa mizani yetu, kwa shilingi 520 kwa kilo, fedha taslimu. Kwake hesabu ilikuwa wazi: tani 10 zilizochambuliwa, zilizoshonwa, zilizo mahali pamoja panapofikika na gari, zingemwokolea siku tatu za kuzunguka mashambani na kuwalipa vijana wa kukusanya. Kwetu, kwa kuwa umoja ungekata shilingi 10 tu kwa mzigo usiosafiri, mkulima angepata 510 leo badala ya takriban 527 baada ya siku sita, bila hatari ya Kitonga wala ya kuoza. Bei hiyo asingeitaja kamwe kama asingejua kwamba Fuso letu lilikuwa limeshikwa na lingeweza kuondoka usiku ule.

Tuliita mkutano chini ya paa la ghala, naye akisubiri nje. Waliohudhuria walikuwa 23. Mzee wa pareto alisema shilingi 17 ni kidogo sana kuilipia karatasi. Mimi nilisema kwamba tukikaa misimu miwili bila kwenda Dar, tutasahau bei ya huko, na 520 itarudi kuwa 450 bila sisi kujua ilianza kushuka lini. Kura zilikuwa 14 za kuuza na 9 za kusafirisha. Niliandika mukhtasari, na kwa ombi langu mkutano uliongeza kifungu kimoja: kwamba kila mizigo mitatu, angalau mmoja utapelekwa sokoni na umoja wenyewe, hata kama mnunuzi amekaa kwenye benchi. Kisha tulimwita ndani, tukaanza kupima.